Akaunti ya mtoto: fedha ni za nani, nani anatoa, na lini mtoto anakabidhiwa

Mama mmoja wa Muganza, wilayani Chato, alitupigia simu baada ya kipindi cha jioni. Mume wake, mchimbaji mdogo, alifariki na kuacha watoto wawili: binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 6. Mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, na baba mdogo wa watoto akateuliwa kuwa msimamizi. Baada ya kiwanja kuuzwa na madeni kulipwa, fungu la watoto lilikuwa shilingi 1,600,000, yaani laki nane kwa kila mmoja. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisema fedha za watoto atazitunza yeye kwenye akaunti yake, na kila mmoja atapewa chake akikua.

Mama alituuliza: "Shemeji yangu si mtu mbaya. Lakini na yeye akifa je?"

Swali hilo ndilo linalotufanya tuandike makala haya. Mama hakumshuku shemeji yake kwa wizi. Alitaka kujua fedha ya mtoto ikae wapi ili kifo, deni au shida ya mtu mzima isiifikie. Tumelieleza hatua kwa hatua, kwa kufuata fedha za watoto hao wawili mpaka siku kila mmoja atakapotimiza miaka 18.

Jina lililo juu ya akaunti

Fedha ikikaa kwenye akaunti ya baba mdogo, au kwenye laini yake ya simu, mbele ya benki ni fedha ya baba mdogo. Maneno ya kikao cha ukoo hayaonekani kwenye kompyuta ya benki. Akifariki, akaunti yake inasimama mpaka msimamizi wa mirathi yake naye ateuliwe, na wajane na watoto wake wanayo haki ya kudhani kuwa yote yaliyomo ni urithi wao. Mama wa Muganza angelazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kuwa 1,600,000 kati ya fedha hizo ni za wanawe. Kama hana karatasi, kazi hiyo ni ngumu sana.

Akaunti ya mtoto ni kitu tofauti. Inaandikwa kwa jina la mtoto, na mzazi au mlezi anaandikwa kama msimamizi wake. Mlezi anatia saini, anaweka na anatoa, lakini fedha si zake. Akifariki mlezi, fedha hizo haziingii kwenye mirathi yake. Ni kama mtu anayechunga ng'ombe wa mwenzake: anawatoa asubuhi na kuwarudisha jioni, lakini siku akifa watoto wake hawagawani ng'ombe wale.

Sababu ya mtoto kuhitaji mlezi ni kwamba kufungua akaunti ni kuingia mkataba na benki. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamtaka anayeingia mkataba awe mtu mzima mwenye akili timamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto anaweza kumiliki fedha, ila hawezi peke yake kufunga mkataba wa kuitunza benki. Mlezi anaziba pengo hilo, na kazi yake inakwisha pengo likiisha.

Sheria hiyo hiyo ya Mtoto, kifungu cha 10, inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matumizi ya haki kutoka kwenye mali iliyoachwa na mzazi wake. Baba mdogo, hata kama ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, anapitisha mali tu. Hakuipata iwe yake.

Nani awe mlezi kwenye akaunti

Kwa watoto hawa jibu ni mama yao. Jina lake liko kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho benki itakiangalia.

Hapo Chato mjini kuna matawi ya NMB na CRDB, na zote mbili zina akaunti za watoto. Ya CRDB inaitwa Junior Jumbo. NMB wana Mtoto Akaunti, na wana Chipukizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Masharti madogo madogo hubadilika, lakini kwa kawaida utaombwa vitu hivi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba au kitambulisho chako cha NIDA, picha ndogo zako na za mtoto, namba ya simu yako, na kiasi cha kuanzia. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayosema unakaa wapi huombwa mara nyingi, hivyo ni vizuri kwenda nayo ili usilipe nauli mara mbili.

Wengi wanaotoka vijijini hurudishwa kwa sababu ya cheti. Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya tangazo unayopewa hospitali mtoto akizaliwa nayo si cheti. Ni ya kukuwezesha kupata cheti. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mkoa wa Geita umo kwenye mpango wa RITA wa kusajili watoto bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Mtoto aliyezidi umri huo anasajiliwa kupitia ofisi ya RITA ya wilaya, na kuna ada ya kulipa. Mvulana wa miaka 6 wa mama huyu alikuwa amepitwa na mpango wa bure, kwa hiyo safari ya kwanza ya mama haikuwa ya benki. Ilikuwa ya RITA.

Kama wazazi wote wamefariki au hawajulikani walipo, anayekaa na mtoto, awe bibi, shangazi au mjomba, hapaswi kwenda benki na maneno matupu. Benki itataka karatasi inayoonyesha kuwa yeye ndiye mlezi. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anaweza kueleza kama barua itatosha au lazima mahakama imteue mlezi.

Baba mdogo anapata nini katika mpango huu

Hili lilimsaidia mama kuzungumza na shemeji yake bila ugomvi. Msimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne ya kuteuliwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, ambayo ni Fomu Na. 5, na hesabu ya mgawanyo, ambayo ni Fomu Na. 6. Akiandika tu kwamba "fedha za watoto ninazo mimi," hakimu ana sababu ya kumhoji, na watoto wakikua wanaweza kumdai.

Akiweka fedha benki kwenye akaunti za watoto, anabaki na slipu mbili: moja ya laki nane kwa jina la binti, nyingine ya laki nane kwa jina la mvulana. Anaziambatisha kwenye hesabu zake, anabaki na nakala, na mzigo unamtoka shingoni. Kwa hiyo akaunti ya mtoto inamlinda mtoto, na inamlinda pia msimamizi mwaminifu asije akadaiwa miaka kumi baadaye kitu alichokwisha kukitoa. Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha iende moja kwa moja kutoka mkononi mwa msimamizi hadi akaunti ya mtoto. Ikipita kwanza kwenye simu ya mama, slipu itasomeka kuwa aliyeweka ni mama, na ushahidi wa msimamizi utapotea.

Vikomo vya kutoa, na vile visivyozuia

Wasikilizaji wengi wanadhani benki inalinda fedha ya mtoto kwa kuuliza inatumika wapi. Sivyo. Mlezi aliyeandikishwa akifika dirishani na kitambulisho chake, karani hatamuuliza kama anaenda kununua daftari au kulipa mchango wa harusi. Kinga za benki ni za aina nyingine, na ni vizuri kuzijua jinsi zilivyo.

Kinga ya kwanza ni idadi ya kutoa. Akaunti nyingi za watoto ni za kuweka akiba, kwa hiyo benki huweka mpaka wa mara ngapi unaweza kutoa katika kipindi fulani. Ukizidisha, ama unakatwa ada ama unapoteza riba ya kipindi hicho. Kabla ya kutia saini uliza maswali matatu: naruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka, nikizidisha nini kinatokea, na kuna makato yoyote ya kila mwezi? Swali la tatu ni zito kuliko linavyosikika. Tuseme akaunti inakatwa shilingi 500 tu kwa mwezi. Kwa mvulana wa miaka 6 imebaki miaka 12, yaani miezi 144. Shilingi 500 mara 144 ni 72,000. Hiyo ni karibu moja ya kumi ya urithi wake, imeondoka bila mtu kuigusa. Akaunti nyingi za watoto hazina makato hayo, na ndiyo sababu moja ya kufungua akaunti ya mtoto yenyewe badala ya akaunti ya kawaida ya mtu mzima.

Kinga ya pili ni saini. Uliza kama benki inakubali walezi wawili watie saini pamoja. Mama wa Muganza alifikiria kumwandika baba mdogo kama mtia saini wa pili. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kutoa peke yake. Hasara yake ni kwamba baba mdogo akiwa machimboni Nyarugusu mwezi mzima na mtoto anahitaji sare, fedha haitoki. Wakaamua mama atie saini peke yake, lakini taarifa ya akaunti ichapishwe kila Desemba na baba mdogo apewe nakala. Mtu anayejua kwamba mwisho wa mwaka karatasi itasomwa hutoa kwa uangalifu.

Kinga ya tatu ni kadi ya kijana. Binti wa miaka 13 anaweza kupata akaunti ya vijana yenye kadi, na kadi hiyo huwekewa kikomo cha kutoa kwa siku. Kikomo hicho hakipo ili kumbana binti. Kipo ili hasara iwe ndogo kadi ikipotea. Tuseme kikomo ni shilingi 30,000 kwa siku. Kadi imeibwa Ijumaa mchana, pamoja na kikaratasi alichoandika namba ya siri, na nyumbani wamegundua Jumatatu asubuhi. Mwizi ameweza kutoa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili: 90,000. Inauma, lakini 710,000 zimebaki. Bila kikomo angeweza kuondoka na zote. Ndiyo maana kwa binti aliyeanza kukaa bweni tunashauri urithi ubaki kwenye akaunti isiyo na kadi, na kwenye akaunti yenye kadi ziingizwe fedha za muhula tu.

Kuna kitu ambacho hakuna kikomo cha benki kinachokizuia: mlezi kukopa kutoka kwenye akaunti ya mtoto "kwa muda tu". Pamba imechelewa kulipwa, kikoba kinadai, mama anatoa 200,000 akikusudia kurudisha. Kwa sheria fedha hiyo ni ya mtoto hata siku hiyo. Dalili ya hatari inaonekana kwenye taarifa ya akaunti: kutoa kunakofuata misimu ya shida za nyumbani badala ya mihula ya shule. Ukiona kwenye karatasi kuwa fedha ilitoka mwezi ambao shule zimefungwa, mwambieni mlezi aeleze.

Mpango wa fedha za watoto wawili

Elimu ya sekondari ya serikali haina ada, lakini sare, madaftari, viatu, godoro la bweni na nauli vinabaki kwa mzazi. Mama alipanga kwa binti kutoa 80,000 kila Januari, mara moja tu kwa mwaka. Kwa miaka mitano hiyo ni 400,000, na binti atafikisha miaka 18 akiwa na 400,000 nyingine ya kuanzia maisha au chuo, pamoja na riba ndogo itakayokuwa imeongezeka. Kwenye riba serikali hukata kodi ya asilimia 10, na benki inaikata yenyewe kabla ya kukuwekea. Usishangae kuona riba kidogo kuliko uliyoambiwa.

Ya mvulana aliamua isiguswe mpaka aingie sekondari. Hapa tuseme ukweli: laki nane ikikaa miaka 12 kwa riba ndogo haitanunua vitu vile vile inavyonunua leo. Benki inalinda hesabu ya fedha isipungue. Haizuii bei kupanda. Kwa hiyo mama alipanga kuongeza shilingi 5,000 kila mwezi anapouza dagaa, kupitia kwa wakala. Akimaliza miaka 12 bila kukosa, atakuwa ameongeza 720,000. Kwa wakala kanuni ni moja: kabla ya kuthibitisha, jina litakalotokea kwenye mashine au simu liwe la mtoto, na usiondoke kabla ujumbe wa benki haujaingia kwenye simu yako.

Siku ya kutimiza miaka 18

Mtoto akitimiza miaka 18, mamlaka ya mlezi yanakoma. Fedha haihami, inabaki pale pale kwa jina lile lile. Kinachobadilika ni nani anatoa. Kuanzia siku hiyo mama hana haki ya kutoa hata shilingi moja bila idhini ya mwanawe, na mwana hawezi kutoa mpaka benki imsajili kama mtu mzima. Kwa hiyo kuna kipindi katikati ambacho akaunti inaweza kusimama, na wengi hukutana nacho wakati mbaya: kijana ameitwa chuo, fedha ipo, na karani anasema haiwezi kutoka.

Njia ya kuepuka ni kuanza mapema. NIDA inasajili kuanzia miaka 18, kwa hiyo binti aende mara tu anapofikisha umri huo, akiwa na cheti cha kuzaliwa. Akipata namba yake, anakwenda benki pamoja na mama yake. Pale anatia saini yake mwenyewe, anachukuliwa alama za vidole, na akaunti inabadilishwa kuwa ya mtu mzima. Jambo ambalo husahaulika ni namba ya simu. Kama ujumbe wa benki na huduma za simu bado ziko kwenye laini ya mama, binti ana akaunti kwa jina tu. Namba ya mama iondolewe siku hiyo hiyo, na ya binti, iliyosajiliwa kwa NIDA yake, iwekwe.

Kinachokwamisha kuliko yote ni majina. Huku kwetu mtoto huweza kuitwa Kabula nyumbani na kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni akaandikishwa Neema, na jina la tatu likawa la babu kwenye karatasi moja na la ukoo kwenye nyingine. Benki inalinganisha herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na NIDA ikisema vile, akaunti inasimama mpaka apate kiapo cha mahakama au hati ya kurekebisha majina. Kazi hiyo ni rahisi zaidi kuifanya mtoto akiwa darasa la tano kuliko akiwa na barua ya chuo mkononi. Weka cheti cha kuzaliwa, karatasi ya akaunti na jina la rejista ya shule pamoja mezani leo, na uyasome yote matatu kwa sauti.

Na kama mlezi anakataa kukabidhi? Kijana wa miaka 18 hahitaji ruhusa ya mlezi ili adai akaunti yake. Aende tawini na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, aombe taarifa yote ya akaunti tangu ilipofunguliwa. Benki ikimzungusha, aandike malalamiko kwa benki yenyewe kwanza na abaki na nakala. Asipopata jibu la kuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na tawi lake la karibu nasi liko Mwanza. Kama taarifa inaonyesha kuwa mlezi alizitoa na kuzitumia kwa mambo yake, hilo si kosa la benki tena. Ni dai dhidi ya mlezi, na mahali pake ni mahakamani.

Na je, mlezi akifa kabla?

Tumrudie mama na swali lake, kwa sababu sasa linamhusu yeye. Akifariki mama huyu kesho, fedha za watoto zitabaki salama kwa majina yao, lakini hazitakuwa na mtu wa kuzitoa. Mlezi mpya atahitaji cheti cha kifo cha mama, vyeti vya watoto, na karatasi ya kuonyesha ameteuliwa. Kwa hiyo ndugu mmoja anayeaminika lazima ajue kuwa akaunti hizo zipo, ziko benki gani, na karatasi zimehifadhiwa wapi.

Mama alimwambia shangazi wa watoto, aliyeko Bwanga. Baba mdogo alipeleka slipu zake mbili mahakamani. Na binti, tulivyoambiwa, amekwisha kukariri namba ya akaunti yake kwa kichwa, ingawa itabidi asubiri miaka mitano kuitia saini.